Miraba ya drafti kwenye skrini: kumbukumbu, joto au plagi?
Miraba kama ya ubao wa drafti ikijaa skrini katikati ya gemu, sisi huuliza kwanza: inaanza lini? Zima kompyuta ipoe, kisha iwashe. Ikionekana tangu maandishi ya mwanzo, kabla ya Windows, tunashuku kumbukumbu ya kadi ya picha. Ikija baada ya robo saa ya gemu, angalia joto: safisha vumbi, kagua feni. Nyuzi 65 za chipu kuu zisikudanganye, kumbukumbu huweza kuwa moto zaidi. Punguza kasi yake kwa megahezi 200. Miraba ikitoweka, huenda tatizo liko kwenye kumbukumbu. Plagi ya umeme iliyolegea kwa kawaida huzima skrini au mashine nzima, haichori miraba. Hata hivyo, chomoa umeme, uikandamize mpaka ilie “tak”.