Nafasi Tupu Ndani ya Dhahabu

Mgodi mkubwa wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mpya ukafunguliwa mwaka 2000. Katika nyakati zote hizo mchimbaji mdogo ameitambua dhahabu kwa uzito wake: hubaki chini ya karai mchanga unapochukuliwa na maji. Hata hivyo, zaidi ya robo ya dhahabu ni nafasi tupu.

Mwaka 1611 Yohane Kepla alidai kwamba hakuna mpango wa kupanga matufe yaliyo sawa unaobana kuliko ule wa muuza machungwa, ambaye kila chungwa la safu ya juu hulikalisha katika shimo baina ya yale ya chini. Tufe likiwekwa moja kwa moja juu ya mwenzake, hujaa asilimia 52 tu ya nafasi. Likiongezwa tufe katikati ya kila mchemraba, na yale ya pembeni yakaachana kidogo, hujaa asilimia 68. Mpango wa Kepla hujaza asilimia 74, ukabakiza 26. Uthibitisho kamili wa dai hilo ulitolewa na Tomasi Hels mwaka 1998.

Mionzi ya eksirei, iliyoanza kutumika katika kupima fuwele tangu mwaka 1912, ilionyesha kwamba metali nazo hufuata mipango hiyo. Dhahabu na fedha zimo katika ule wa asilimia 74; chuma cha kawaida na tungsteni zimo katika ule wa 68.

Atomi za dhahabu na za fedha karibu zalingana kwa ukubwa. Kwa hiyo atomi ya fedha hukalia kiti cha ile ya dhahabu pasipo kubadili ujazo, bali uzito hupungua: sentimeta moja ya ujazo ya dhahabu ni gramu 19.3, ya fedha ni 10.5. Tuseme tonge lina gramu 193. Likiwa dhahabu tupu, likizamishwa litasukuma gramu 10 za maji. Likisukuma gramu 11, hesabu yaonyesha kwamba kama sehemu moja katika tano za ujazo wake ni fedha. Sharti kwanza liyeyushwe, maana jiwe jeupe lililogandamana nalo laweza kutoa dalili ile ile.

Lakini kipimo hiki kina mpaka wake. Tungsteni, ijapokuwa imepangwa kwa ulegevu zaidi, na atomi yake ni nyepesi kuliko ya dhahabu, ina atomi ndogo zaidi. Tofauti hizo zikafidiana, nayo ikafikia gramu 19.3 vilevile. Mnunuzi aliyeuziwa tungsteni iliyovikwa dhahabu hataokolewa na maji. Ataokolewa na moto: dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064 za Selsiasi, na tungsteni hubaki imara hadi zaidi ya 3,400.