Mikesha Tisa na Siku ya Kumi: Hesabu ya Navaratri na Dashera

Jina Navaratri lina maana ya mikesha tisa, na Dashera huangukia siku ya kumi. Hata hivyo, mwaka 2025 sikukuu hiyo ilianza nchini India tarehe 22 Septemba, na Dashera ikaadhimishwa tarehe 2 Oktoba. Kati ya tarehe hizo mna mikesha kumi, si tisa. Makala haya yanaeleza kwamba tofauti hiyo haitokani na kosa la wachapaji wa kalenda. Inatokana na asili ya kinachohesabiwa.

Hesabu huanzia amavasya, yaani kiza cha mwezi, katika mwezi wa Ashwin kwa kawaida. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki aliyezoea kungoja mwezi mwandamo uonekane kwa macho atambue kwamba hapa hakuna kutazama angani. Jua na Mwezi vikisimama kwenye mstari mmoja, hesabu inaanza papo hapo. Kutoka hapo, kila Mwezi unapotangulia mbele ya Jua kwa nyuzi 12, tithi moja imekamilika. Kwa kuwa Mwezi haukimbii kwa kasi moja, tithi fupi huchukua takriban saa 20 na ndefu hupita saa 26. Hakuna inayolazimika kulingana na siku yetu ya saa 24.

Ili watu wa kawaida wapate siku za kufunga na kusali, panchanga, yaani kalenda ya dini, huipa kila siku jina la tithi inayoendelea jua linapochomoza. Tithi ndefu ikikuta macheo mawili, jina lake hurudiwa. Fupi ikianza na kuisha kati ya macheo mawili, jina lake hurukwa. Kwa hiyo mikesha tisa huweza kuwa minane au kumi. (Inashangaza kidogo kwamba sikukuu yenye jina la usiku huhesabiwa kwa macheo.)

Mwaka 2025 ndio mfano bora. Kwa saa za India, Mwezi ulikutana na Jua tarehe 22 Septemba, saa 7:24 usiku. Wakati huo Mwezi ulikuwa ukielekea mbali na dunia na hivyo kwenda polepole. Tithi ya tatu ilianza tarehe 24 muda mfupi kabla ya saa 11 alfajiri, na haikuisha hadi tarehe 25, saa 1:06 asubuhi. Jua la Delhi lilikuwa limekwisha kuchomoza siku zote mbili, hivyo siku ya tatu ikarudiwa.

Sasa tuipeleke hesabu hiyo Nairobi, ambako jamii zenye asili ya Gujarati huadhimisha Navaratri. Tithi huisha kwa wakati mmoja duniani kote, lakini macheo hayafanani. Ile ya tatu iliisha saa 10:36 usiku kwa saa za Kenya, jua likiwa bado halijachomoza. Siku ya tarehe 25 ikawa ya nne. Tithi ya nne nayo ilidumu hadi tarehe 26, saa 1:03 asubuhi, baada ya jua la Nairobi kuchomoza mnamo saa 12:20. Huko, basi, iliyorudiwa ni siku ya nne. Mwenye panchanga iliyochapwa India na mwenye iliyohesabiwa kwa macheo ya Nairobi wangetofautiana asubuhi moja, kisha wakakutana tena kabla ya Dashera.

Siku ya kumi yenyewe ina kanuni yake: tithi ya kumi, dashami, inatakiwa iwepo alasiri, si wakati wa macheo tu. Sababu yaelekea kuwa ya kihistoria. Siku hiyo, ambayo wengine huikumbuka kwa ushindi wa Durga na wengine kwa ule wa Rama, huja mvua za masika ya India zinapokwisha na njia kupitika, na wafalme waliianzia misafara ya vita. Huko Vijayanagara sherehe iliitwa Mahanavami, yaani ya tisa kuu, na balozi wa Kiajemi Abdul Razzaq aliishuhudia mwaka 1443. Mji ulipoanguka mwaka 1565, haikupotea: Raja Wodeyar aliianzisha Srirangapatna mwaka 1610, na ndiyo Dasara ya Mysore ya leo.

Serikali ya India huru ilijaribu kuondoa tofauti za panchanga. Kamati iliyoundwa mwaka 1952 chini ya mwanafizikia Meghnad Saha ilipendekeza tithi zote zipimwe kwa macheo ya sehemu moja ya katikati, kwenye longitudo ya nyuzi 82 na nusu mashariki. Kalenda ya taifa, iliyo ya jua, ilianza kutumika tarehe 22 Machi 1957. Sikukuu zenyewe zimebaki zikifuata Mwezi, na panchanga za mikoa zinaendelea kuchapwa, kila moja kwa macheo ya mji wake.