Mapato ya biashara huhesabiwa lini? Tofauti ya pesa taslimu na malimbikizo

BIASHARA inaweza kupata faida huku mwenyewe akikosa hata nauli, na inaweza kuwa na pesa tele benki ilhali inapata hasara. Chanzo cha kinaya hiki ni swali moja ambalo kila mweka hesabu hana budi kulijibu: je, mapato huingizwa vitabuni siku pesa zinapopokewa, au siku kazi inapokamilika?

Kuna mifumo miwili ya kulijibu. Katika mfumo wa pesa taslimu, mapato huandikwa pesa zinapoingia mkononi, benki au kwenye simu, na gharama huandikwa pesa zinapotoka. Katika mfumo wa malimbikizo, mapato huandikwa yanapochumwa hata kama mteja hajalipa, na gharama huandikwa pamoja na mapato yaliyotokana nayo hata kama bado ni deni.

Mfano wa seremala

Tuchukue mfano wa seremala mwenye karakana mjini Nakuru ambaye hufunga hesabu zake kila Desemba 31. Mnamo Oktoba 2024 shule moja ya kibinafsi inamwagiza madawati 200 kwa bei ya Sh4,000 kila moja, yaani Sh800,000 kwa jumla kabla ya ushuru. Shule inatanguliza Sh300,000 mwezi huo huo. Mwezi wa Novemba seremala anatumia Sh500,000 kununua mbao na vyuma na kuwalipa mafundi wake. Anapeleka madawati yote Desemba 10, mwalimu mkuu anatia sahihi hati ya kupokea bidhaa, na Sh500,000 zilizosalia zinalipwa katikati ya Februari 2025.

Akitumia mfumo wa pesa taslimu, vitabu vya mwaka wa 2024 vitaonyesha kwamba aliingiza Sh300,000 na kutumia Sh500,000, hivyo alipata hasara ya Sh200,000. Vya mwaka wa 2025 vitaonyesha faida ya Sh500,000 kutokana na kazi hiyo, ingawa mwaka huo hakupiga msumari hata mmoja kwa ajili yake. Afisa wa mkopo atakayevisoma vitabu vya 2024 atamwona seremala huyu kama mtu anayezama.

Akitumia mfumo wa malimbikizo, hadithi inabadilika. Zile Sh300,000 alizopokea Oktoba si mapato bado. Ni deni, kwa kuwa hajatoa dawati hata moja, na shule ina haki ya kudai madawati au kurudishiwa pesa. Desemba 10 madawati yanapopokewa, deni hilo linafutika, Sh800,000 zote zinaandikwa kuwa mapato, na Sh500,000 ambazo shule bado haijalipa zinaingia katika orodha ya wadaiwa. Gharama ya Sh500,000 inaondolewa na kubaki faida ya Sh300,000 kwa mwaka wa 2024. Malipo ya Februari hayaongezi faida yoyote. Ni mdaiwa aliyelipa tu.

Jumla ya faida ni ile ile katika mifumo yote miwili. Kinachotofautiana ni mwaka ambao faida hiyo inawekwa.

Mapato huchumwa lini?

Kenya ilianza kutumia kanuni za kimataifa za kuandaa taarifa za hesabu mwaka wa 1999. Kanuni inayohusu mapato ni IFRS 15, ambayo ilianza kutumika Januari 1, 2018. Msingi wake ni kwamba mapato huhesabiwa pale muuzaji anapotimiza ahadi aliyompa mteja kwenye mkataba, yaani mteja anapopata mamlaka juu ya bidhaa au anapopokea huduma. Kutia sahihi mkataba, kupokea malipo ya awali au kutuma ankara hakutoshi peke yake.

Kwa bidhaa kama madawati, mamlaka hayo kwa kawaida huhamia kwa mteja kwa wakati mmoja, pindi anapozipokea na kuzikubali. Huduma nyingi, kinyume chake, hutolewa kidogo kidogo. Shule ile ile ikipokea mnamo Novemba karo ya muhula utakaoanza Januari, pesa hizo zitabaki kuwa deni kwa wazazi hadi Desemba 31, kisha zitageuka kuwa mapato kadiri masomo yanavyoendelea. Mwenye shule anayezitumia kama faida ya mwaka unaokwisha hujikuta Februari akiwa na wanafunzi wa kufundisha na hana mishahara ya walimu.

Upungufu wa kila mfumo

Mfumo wa malimbikizo hauonyeshi hali ya pesa. Seremala wetu alifunga mwaka akiwa na faida ya Sh300,000 vitabuni, ilhali kazi hiyo ilikuwa imemtoa Sh200,000 zaidi ya alizopokea. Ndiyo maana taarifa ya faida na hasara husomwa pamoja na taarifa ya mtiririko wa pesa. Isitoshe, mdaiwa huenda asilipe; kwa hivyo kanuni humtaka mwenye biashara akadirie mapema kiasi cha deni kisichotarajiwa kulipwa, na kukipunguza kutoka kwa faida.

Mtoza ushuru naye hangoji pesa. Kwa aliyesajiliwa kulipa ushuru wa VAT nchini Kenya, ushuru huo unadaiwa kuanzia tukio linalotangulia kati ya kupeleka bidhaa, kutoa ankara na kupokea malipo, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa kiwango cha asilimia 16, seremala angedaiwa Sh48,000 kufikia Novemba 20 kwa malipo ya awali, na Sh80,000 kufikia Januari 20 kwa salio, baada ya kutoa ushuru aliolipa alipokuwa akinunua mbao. Shule haikulipa salio hilo hadi Februari. Anayeuza kwa mkopo sharti aitengee akiba tarehe hiyo.

Upungufu wa mfumo wa pesa taslimu ni kuficha madeni. Serikali za kaunti nchini ziliwekewa mfumo huo kuanzia mwaka wa 2014. Chini ya mfumo huo, mwanakandarasi alipomaliza barabara Mei na kukosa kulipwa kufikia Juni 30, mwaka wa fedha unapokwisha, gharama hiyo haikuonekana katika matumizi ya mwaka huo, ingawa barabara tayari ilikuwa ikitumika. Deni lilitajwa pembeni tu, katika orodha ya madeni yasiyolipwa.

Dalili za udanganyifu

Mfumo wa malimbikizo hutegemea uamuzi wa binadamu, na hivyo unaweza kuchezewa. Septemba 2014 kampuni ya maduka makubwa ya Uingereza, Tesco, ilitangaza kuwa makadirio ya faida yake ya nusu mwaka yalikuwa yamezidishwa kwa takriban pauni 250 milioni, kwa sababu malipo kutoka kwa wasambazaji yalikuwa yamehesabiwa mapema na baadhi ya gharama kucheleweshwa.

Msomaji wa hesabu anaweza kutazama mambo mawili. Kwanza, ikiwa deni la wateja linakua kwa kasi kuliko mauzo, huenda kuna mauzo yaliyoandikwa kabla ya wakati wake. Pili, alinganishe ankara za siku za mwisho za mwaka na hati za kupokea bidhaa. Ankara ya Desemba 30 yenye hati iliyotiwa sahihi Januari 6 ni mapato ya mwaka mpya, hata mwenye biashara aseme nini.