Akiba ya lazima: Benki Kuu inavyolegeza au kukaza mikopo

Wasikilizaji wetu mnaosoma kozi ya benki, tunarudia zana moja ya Benki Kuu: akiba ya lazima. Hii ni sehemu ya amana za wateja ambayo benki huiweka Benki Kuu na hairuhusiwi kuikopesha.

Februari 2025, Benki Kuu ya Kenya ilishusha kiwango hicho kutoka asilimia 4.25 hadi 3.25. Tuchukue amana za shilingi milioni moja. Awali benki ilitenga 42,500. Baada ya hapo 32,500. Shilingi 10,000 zikabaki huru. Zikikopeshwa, mkopaji humlipa fundi, fundi huziweka benki, na sehemu kubwa hukopeshwa tena. Fedha katika mzunguko huongezeka. Bidhaa zisipoongezeka vilevile, mfumuko wa bei hupanda. Kiwango kikipandishwa, mambo huenda kinyume.

Tusiandike kwamba mikopo lazima iongezeke. Benki ikihofia wakopaji wasiolipa, hununua dhamana za serikali, na mkulima aliyeomba mkopo hubaki mikono mitupu. Kipimo chetu ni hiki: je, mikopo kwa sekta binafsi imekua?