Nyama ya bucha jioni: rangi, mafuta na harufu vinasema nini

Wasikilizaji wetu wengi hupitia bucha saa kumi au kumi na moja jioni wakitoka shambani, wakati nyama imening'inia tangu asubuhi. Swali tunaloulizwa sana ni hili: ikiwa imeshaanza kuwa nyeusi, ninunue?

Nyama ya ng'ombe ikikatwa tu, ndani huwa na wekundu wa zambarau. Ikipata hewa kwa dakika 15 hadi 30 huwa nyekundu ya kung'aa, na ikikaa saa nyingi uso wake hugeuka kahawia. Ukahawia huo peke yake si uozo. Mwombe muuzaji akate kipande kipya, ukitazame nje kwenye mwanga wa jua, maana taa nyekundu za bucha hupendezesha hata nyama iliyochoka. Kisha nusa karibu na mfupa, ambako harufu mbaya mara nyingi hujificha. Nyama nzuri hunukia damu kidogo tu. Ukisikia uchachu, au ukiona uso unateleza kama kamasi, iache. Usijidanganye kwamba utaichemsha sana, kwa sababu baadhi ya sumu za bakteria haziondoki kwa moto.

Ikiwa ni nyeusi hadi katikati, kavu na inanata, huenda ng'ombe alitembezwa mbali au alisumbuliwa kabla ya kuchinjwa. Hiyo huharibika mapema. Kama haina harufu, ipike jioni hiyohiyo, usiilaze.

Tuseme una hela ya kilo moja na unataka mchuzi. Usikimbilie sarara, ambayo ni laini lakini hukauka ikichemka muda mrefu. Chukua shingo, bega au kidari. Nyuzi zake nyeupe huyeyuka taratibu kwa saa mbili hivi na kuufanya mchuzi uwe mzito. Kwa supu, muundi au mkia. Sarara iache kwa siku ya kukaanga au kuchoma haraka. Mafuta ya manjano yasikutishe: ng'ombe wetu hula majani, na rangi hutoka humo, ingawa ng'ombe mzee naye huwa nayo.

Mafuta ya mbuzi ni tofauti, hayo huwa meupe. Mbavu zenye mafuta kidogo ndizo za kuchoma. Harufu kali ya beberu si uozo, ila hukaa zaidi kwenye mafuta, kwa hiyo yapunguze.

Kwa kuku, umanjano wa ngozi mara nyingi ni mahindi aliyokula. Nusa chini ya mabawa, kisha bonyeza ncha ya mfupa wa kidari. Ikipinda ni kuku mchanga, mkaange au mchome. Ikiwa ngumu, mpe muda kwenye sufuria.

Kwa ng'ombe na mbuzi, tafuta pia muhuri wa mkaguzi wa nyama. Pua haiwezi kugundua vifuko vya minyoo.