Hatua Sabini kwa Sabini

Shamba tulilokwenda kuliona lilikuwa nje kidogo ya Vwawa, upande wa kuelekea Tunduma, jembamba kama ukanda, limepakana na mibuni ya jirani. Mwenye nalo alisema ni eka moja. Katika nchi yetu eka, au heka kama wengi wetu tunavyotamka, inajulikana hata kwa asiyejua kusoma: hatua 70 kwa hatua 70. Ndugu yangu, ambaye ndiye alikuwa mnunuzi, akatembea upana, akapata hatua 40. Akageuka kumtazama mzee.

"Ndiyo, huku ni 40," mzee akasema bila kubabaika, "lakini kule ni 100. Kilichopungua huku kimeongezeka kule. Zunguka mwenyewe, kijana wangu, utapata 280 zilezile."

Tukazunguka. Zilikuwa 280 kweli, sawasawa na mzingo wa eka ya 70 kwa 70. Sidhani mzee alikuwa na hila. Naamini aliuziwa hivyo na yeye akawa anauza alivyouziwa. Ila hesabu ya eneo ni kuzidisha, si kujumlisha. Hatua 70 kwa 70 ni hatua za mraba 4,900. Hatua 100 kwa 40 ni 4,000. Zilikuwa zimepotea hatua za mraba 900, karibu sehemu moja katika tano za shamba, na hakuna aliyeziiba.

Zimekwenda wapi? Chora eka ya mraba mavumbini, kila upande 70. Kata ukanda wa juu wenye kimo cha 30, ubaki na kipande cha 70 kwa 40. Ule ukanda uliokatwa ni wa 70 kwa 30. Sasa usimamishe ubavuni mwa kipande kilichobaki ili kukirefusha kutoka 70 hadi 100. Kimo cha kipande ni 40 tu, na ukanda ukisimama una kimo cha 70, kwa hiyo unachomoza juu kwa 30. Kinachochomoza ni mraba mdogo wa 30 kwa 30, yaani 900, ambao hauna pa kukaa ndani ya shamba jipya. Ndio uliopotea.

Na haipotei hivyo kwa bahati ya namba hizi. Shamba lolote la pembe nne mraba lenye mzingo wa 280 lina urefu na upana ambao jumla yake ni 140. Kama urefu umezidi 70 kwa kiasi fulani, tukiite d, upana umepungua kwa d ileile. Eneo lake ni:

(70 + d)(70 − d) = 4900 − d²

Kipeo cha pili cha namba yoyote, iwe chanya au hasi, hakiwezi kuwa chini ya sifuri. Kwa hiyo 4900 − d² haizidi 4900 hata siku moja, na inafika hapo pale tu d inapokuwa sifuri, yaani urefu ukiwa sawa na upana. Kwa jumla, kama pande ni a na b:

ab = ((a + b)/2)² − ((a − b)/2)²

na kwa kuwa sehemu ya mwisho haiwi hasi, ab ≤ ((a + b)/2)². Katika mistatili yote yenye mzingo mmoja, mraba ndio wenye eneo kubwa kuliko yote. Wanahisabati huisoma kwa njia nyingine pia: kipeuo cha pili cha ab hakizidi wastani wa a na b.

Hesabu hii ni ya kale kuliko neno eka. Waandishi wa Babeli, yapata mwaka 1800 kabla ya Kristo, waliacha vibao vya udongo vyenye maswali ya namna hii: jumla ya urefu na upana inajulikana, eneo linajulikana, tafuta pande zenyewe. Walichukua nusu ya jumla, wakaipiga mara yenyewe, wakatoa eneo; kilichobaki kilikuwa kipeo cha pili cha nusu ya tofauti ya pande. Ni ule mraba wetu wa 30 kwa 30. Karibu mwaka 300 kabla ya Kristo Euklidi akaliweka jambo hilohilo katika kitabu cha pili cha Elementi, kauli ya tano, kwa mchoro na bila namba hata moja: mstari ukigawanywa katikati, na tena ukigawanywa mahali pasipo katikati, mstatili wa vipande visivyo sawa pamoja na mraba wa nafasi iliyo kati ya migawanyo hiyo miwili ni sawa na mraba wa nusu. Anayekata ukanda na kuusimamisha ubavuni anarudia mchoro wake.

Lakini aliyenifanya nimkumbuke mzee wa Vwawa ni Proklo, mwalimu wa Athene wa karne ya 5, aliyeandika maelezo juu ya kitabu cha kwanza cha Euklidi. Anasimulia kuhusu watu waliokuwa wakigawana ardhi, ambao baadhi yao walichukua viwanja vyenye mzingo mrefu, kisha wakabadilishana na wenzao kwa viwanja vyenye mzingo mfupi. Wenzao wakawaona waungwana waliokubali kupunjwa. Kumbe wao ndio walioondoka na eneo kubwa zaidi! Yapata miaka mia sita kabla yake, mwanahistoria Polibio alilalamika kuwa watu hawasadiki Sparta, yenye mzingo wa stadia 48, ni kubwa mara mbili ya Megalopoli yenye mzingo wa stadia 50. Mguu unahisi mzingo. Eneo halihisiwi na mguu; ni lazima lihesabiwe.

Turudi Songwe, kwa sababu ile 70 nayo ina asili yake. Wajerumani walipotawala huku walitumia mita na hekta. Yadi na eka zililetwa na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Eka yao ni yadi za mraba 4,840, na kipeuo cha pili cha 4,840 ni 69.57. Ukihesabu hatua moja ndefu kuwa yadi, ukaikamilisha namba, unapata 70 kwa 70. Ni mkato mzuri, unazidi eka halisi kwa yadi za mraba 60 tu. Wanaosema mita 70 kwa mita 70 wanazungumzia kitu kingine, karibu eka moja na robo.

Cha ajabu, eka yenyewe haikuzaliwa mraba. Umbo lake la kale Uingereza lilikuwa ukanda wa yadi 220 kwa yadi 22. Zidisha, utapata 4,840. Zunguka, utatembea yadi 484, hali eka ileile ikiwa mraba ingezungukwa kwa yadi 278 hivi. Kwa nini watu wachague umbo lenye mpaka mrefu kiasi hicho? Kwa sababu ya ng'ombe. Aliyewahi kushika plau nyuma ya maksai anajua kwamba kazi haiko katika kwenda, iko katika kugeuza. Ukanda mrefu una mageuzo machache. Kwa hiyo ule ukanda wa Vwawa haukuwa na kosa kwa mkulima wa plau. Kosa lilikuwa kuuita eka.

Ipo pia habari ya kiasi, ambayo mnunuzi mwenye hasira huisahau. Hasara ni d², na d ikiwa ndogo, d² ni ndogo mno ukilinganisha na 4,900. Shamba la 80 kwa 60 lina 4,800. Limepoteza sehemu mbili tu katika mia. Ukikuta 75 kwa 65 umepoteza hatua za mraba 25, ambazo si za kugombania. Ila d ikifika 40, shamba likawa 110 kwa 30, umebaki na 3,300, karibu theluthi nzima imekwenda. Umbo likipotoka kidogo, hasara hulala. Likizidi kupotoka, hasara hukimbia.

Kanuni ya mraba inataka pande zote nne zilipiwe kwa bei ile ile, na hapo ndipo Tunduma mjini panapoleta swali lake. Tuseme mtu anataka uga wa kuegeshea malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, na upande mmoja tayari kuna ukuta wa jirani. Ana uzio wa kutosha hatua 280, kwa pande tatu tu. Je, ajenge mraba? Pande mbili zinazotoka ukutani ziwe x kila moja, na ule wa mbele uwe y. Basi 2x + y = 280. Tumia kutolingana kule kule kwa namba mbili, 2x na y: kuzidisha kwake hakuzidi 140 × 140, na kunafika hapo 2x ikiwa sawa na y. Kwa hiyo y ni 140 na x ni 70. Uga wake ni wa 140 kwa 70, wenye hatua za mraba 9,800. Mraba wa pande za 93 na theluthi ungempa kama 8,711. Mraba haujashindwa: mchore uga pamoja na kivuli chake upande wa pili wa ukuta, utaona 140 kwa 140.

Limebaki jambo moja ambalo sisi siku ile hatukulipima. Pande nne za 70 haziwi mraba mpaka pembe zisimame wima. Shamba linaweza kuwa na 70 kila upande na bado likalala kama boksi lililosukumwa. Pembe zikisimama, mishazari ya kutoka pembe hadi pembe inayoikabili ni ya hatua 99, yote miwili. Shamba likilala, mshazari mmoja unarefuka na mwingine unafupika: wa 112 na wa 84, kwa mfano, na eneo ni nusu ya 112 × 84, yaani 4,704. Ni kutolingana kuleku­le tena, kwa kuwa vipeo vya pili vya mishazari hiyo miwili vikijumlishwa daima ni 19,600, na kuzidishana kwavyo hufika kilele vikiwa sawa.

Ndugu yangu alilinunua lile shamba, kwa bei ya hatua za mraba 4,000. Nawe ukienda kununua, usiishie kuzunguka. Tembea urefu, tembea upana, kisha katiza katikati mara mbili, pembe hadi pembe, na hatua ziwe za mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.