Mfuko, kofia na kile ambacho tangazo la saruji halionyeshi

Matangazo ya maduka ya vifaa vya ujenzi yanafanana kama ndugu wa tumbo moja. Mifuko ya saruji imepangwa mbele, nyuma yake ghorofa linapanda, na katikati wanasimama mafundi wawili watatu wenye kofia ngumu na vizibao vya kung'aa. Hakuna hata mmoja aliyechafuka. Mfuko na kofia vina historia yake kila kimoja, na ya mfuko ndiyo ndefu zaidi.

Joseph Aspdin, fundi mwashi wa Leeds nchini Uingereza, alipata hataza ya saruji yake mwaka 1824. Aliiita ya Portland kwa kuwa ikikauka ilifanana na jiwe la ujenzi lililochimbwa huko Portland. Wakati huo mfuko haukuwepo. Saruji ilisafirishwa ndani ya mapipa ya mbao, kwa sababu adui yake mkubwa baharini ni unyevu. Baadaye yakaja magunia ya nguo. Huko Marekani mnunuzi aliyerudisha gunia tupu alirudishiwa fedha, na gunia moja lilibeba ratili 94, yaani robo kamili ya pipa la zamani.

Magunia hayo yalivujisha vumbi, na kuyafunga mdomo moja moja kulichelewesha kazi. Karibu na mwanzo wa karne ya 20, Mmarekani Adelmar Bates akaja na mfuko uliofungwa juu na chini kabla haujajazwa. Kwenye kona uliachwa mdomo mdogo. Bomba la mashine linaingizwa hapo, saruji inamwagika ndani, na mfuko ukijaa uzito wa saruji yenyewe unaubana mdomo ukajifunga. Tazama kona ya mfuko wa leo, iwe wa karatasi au wa plastiki iliyofumwa, utauona mdomo huo. Kilo 50 za mfuko huo nazo ni jirani wa kipimo cha Waingereza cha ratili 112, ambacho mara 20 kilifanya tani yao moja.

Pwani yetu ilijenga karne nyingi bila mfuko. Misikiti na majumba ya Kilwa na Gedi yalisimama kwa chokaa ya matumbawe yaliyochomwa juu ya lundo la magogo. Saruji ya viwandani ilikuja kwa meli, kisha viwanda vikafuata: Nairobi mwaka 1933, Bamburi mwaka 1954, na Wazo Hill jijini Dar es Salaam mwaka 1966. Bamburi ilichimba mawe ya matumbawe ya kale, kwa hiyo malighafi ni ileile ya wachoma chokaa. Kilichobadilika ni moto, kwani tanuri la saruji hufika nyuzi joto 1,450 hivi, nayo mawe huchomwa pamoja na udongo.

Kofia ina umri mdogo. Edward Bullard wa San Francisco aliitengeneza mwaka 1919, baada ya kurudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, akitumia turubai lililopikwa kwa mvuke na kugandishwa kwa gundi. Miaka ya 1930, kwenye ujenzi wa daraja la Golden Gate, kuivaa kukawa lazima. Kofia inalinda kichwa dhidi ya nyundo au tofali linaloanguka, na kwa hilo inastahili heshima yake.

Lakini saruji yenyewe haimwumizi fundi kichwani. Ikichanganywa na maji inakuwa kali kama magadi makali, na zege likiingia ndani ya buti au likilowanisha suruali magotini, ngozi inaungua taratibu bila maumivu ya mapema. Fundi anaweza kumaliza kazi, akaenda kuoga, ndipo aone kidonda. Katika tangazo, glavu na buti ndefu za mpira ndizo hukosekana mara nyingi, na saitini nako huwa hivyohivyo. Saidia fundi anachota zege kwa karai mikono mitupu, na hakuna anayeshangaa.

Ukienda kununua, acha picha usome mfuko. Namba 32.5 inatosha kwa plasta na kujengea tofali. Kwa nguzo na zege la sakafu ya ghorofa mafundi huchagua 42.5. Namba hizo ni nguvu ya saruji baada ya siku 28. Tafuta tarehe ya kutengenezwa, maana saruji ikikaa miezi mitatu, hasa penye unyevu wa pwani, nguvu imeshapungua. Mfuko wa chini ukiwa mgumu kwa kulaliwa na mingine, ubiringishe: ukilegea, ni mzima. Mabonge yasiyopondeka kwa vidole yamekwisha kunywa maji, usiyachukue. Na kabla hujaondoka dukani, ongeza jozi ya glavu za mpira kwa kila atakayeshika zege lako.